Chafkata inanguruma tu: urefu na unene wa waya

Swali: Fundi habari. Chafkata yangu ya hospawa 2 ilikuwa inakata nepia bila shida ikiwa mita 30 kutoka boksi ya fyuzi. Nimehamisha boma la ng'ombe, sasa ni mita 60, nikaunganisha waya ile ile ya 2.5. Saa hii mota inanguruma tu, kuamka ni kazi. Jirani anasema nitafute waya nene mara mbili, mwingine anasema urefu hauna maneno bora waya isipate moto. Nishike ya nani? – Msomaji, Njoro

Jibu: Salama ndugu yangu. Huyo wa urefu usimsikize kabisa. Yule wa unene yuko karibu, lakini hapo kwa "mara mbili" watu wengi hununua vibaya, nitakuonyesha.

Ukinzani wa waya unapatikana hivi:

```
R = ρ × L / A
```

L ni urefu, A ni eneo la ule uso unaoona ukikata waya, na ρ ni namba ya metali yenyewe. Ukipima urefu kwa mita na eneo kwa milimita za mraba, kopa ni kama 0.017 na aluminiamu ni kama 0.028. Sasa kitu moja mafundi wengine husahau, stima inaenda na inarudi, kwa hivyo mita 60 za kebo ni mita 120 za waya. Yako basi ni 0.017 × 120 ÷ 2.5, karibu omu 0.82. Pale zamani ilikuwa nusu ya hiyo, 0.41, maana urefu ukiongezeka mara mbili ukinzani nao unaongezeka mara mbili.

Utasema 0.82 ni kidogo sana, na kweli mota ikishazunguka inavuta labda ampea 10 (angalia ile bamba yake), unapoteza volti 8 hivi kati ya 240 na hata hutajua. Shida ni pale inaamka. Mota ya aina hii ikianza huvuta kama mara tano ya kawaida, tuseme ampea 50, na 50 mara 0.82 ni volti 41. Mota inabaki na kama 199, na kwa vile nguvu yake ya kuzungusha hufuata volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, imebaki na kama asilimia 69 tu ya nguvu ya kuanzia, ndio maana inanguruma na haiendi. Pale mwanzo ulikuwa unapoteza volti 20 tu, ikavumilia.

Tuje kwa unene. Ukiongeza kipenyo mara mbili, eneo linakuwa mara nne, kwa sababu kipenyo kinazidishwa chenyewe kwa chenyewe, so ukinzani unashuka hadi robo. Lakini ile 2.5 unayoitisha dukani si kipenyo, ni eneo! Kipenyo chake ni kama milimita 1.8. Waya ya kipenyo mara mbili ni ile ya 10, na hiyo ni pesa nyingi ambayo huhitaji. Wewe umeongeza urefu mara mbili, kwa hivyo kurudi pale ulikuwa unahitaji eneo mara mbili pekee, yaani 5, na kwa vile 5 haiuzwi kwa kawaida, chukua ya 6. Inakupa omu 0.34, volti 17 wakati wa kuanza, hata afadhali kuliko mwanzo. Ya 4 ingekuacha na volti 25 hivi, inaweza kubali lakini mimi singekushauri, nepia ikiwa mbichi mashine inakuwa nzito.

Kabla ulipe, kwangua kidogo ncha ya waya na kisu. Kuna waya ya aluminiamu iliyopakwa kopa juu, ndani ni nyeupe, na hiyo kwa ukubwa uleule ina ukinzani mkubwa zaidi. Kama hiyo yako ya sasa ndio hiyo, basi si 0.82 tena, inakaribia 1.34.

Na usinunue chochote kabla ya kupima. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, aweke multimita kwa volti za AC upande wa mota, mwashe kwa sekunde chache tu (ikiendelea kunguruma waya za ndani zitaungua), asome, kisha arudie upande wa boksi. Boksini zikibaki karibu 240 na kwa mota zishuke hadi karibu 200, ni kebo. Zikishuka zaidi sana ya hapo na kopa ni safi, akague ule muungano mliofanya, hiyo fomula haihesabu kiungo kilicholegea. Lakini kama hata boksini zinashuka vilevile, shida inatoka laini ya nje, na hiyo kebo ya 6 haitakusaidia.