Maneno ya ofa ya "leta rafiki" Krismasi

"Nina saluni hapa Kondele. Nimebandika 'Leta rafiki Krismasi hii mpate zawadi', sasa wateja wanabishana nani apewe nini. Niandikeje?"

Dada, mpe kila mmoja sentensi yake, kwa shilingi. Asilimia waachie benki. Mimi ningebandika hivi:

"Rafiki yako akisuka hapa mara ya kwanza kwa 1,000 au zaidi, anapunguziwa 200 papo hapo. Akishalipa, wewe una 200 zako za kupunguziwa ukija tena kabla ya 31 Januari. Ataje nambari yako ya simu kabla ya kulipa."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiondoe. Nambari ikitajwa baada ya malipo, watatokea watu wawili wanaodai kumleta mteja mmoja, na tarehe 24 saluni imejaa hutaki kesi hiyo.