Hori tupu

"Baba, tumemaliza kujenga pango na wajukuu wako wanataka tumlaze Mtoto Yesu horini leo leo. Kuna ubaya?"

Mwanangu mpendwa,

Kwanza niambie mmenunua mishumaa ya namna gani. Nakuuliza kwa sababu watu hununua minne inayolingana, mmoja kwa kila Dominika ya Majilio, na kudhani yote itakwisha pamoja. Majilio yakiwa marefu kabisa, yaani Noeli ikiangukia Dominika, ni siku 28. Mkiwasha robo saa kila jioni kwa sala, ule wa kwanza unahitaji kuwaka kwa jumla ya saa 7. Mwembamba utazimika kabla Dominika ya nne haijafika, na mtoto mmoja atalia. Ule wa rangi ya waridi ni wa Dominika ya tatu, Dominika ya Furaha. Usimwache mdogo wako akudanganye kwamba ni wa mwisho, alibishana nami juu ya hilo miaka mitatu.

Mimi napenda hori tupu. Unajua, nimelisema hadi mama yako alikuwa akinimalizia sentensi. Ng'ombe yupo, punda yupo, Maria na Yosefu wamepiga magoti, na katikati ni majani makavu tu. Mtoto akipita hapo lazima aulize, "Yuko wapi?" Swali hilo ndilo Majilio. Hata Fransisko wa Asizi alipoandaa hori kule Greccio mwaka 1223, palikuwa na majani makavu, ng'ombe na punda, na misa ikaadhimishwa juu ya hori. Sanamu ya mtoto haikuwepo.

Lakini mwaka 2000 unanisuta.

Noeli iliangukia Jumatatu, kwa hiyo Dominika ya nne ndiyo hiyo hiyo tarehe 24. Asubuhi tukawasha mshumaa wa nne, jioni Majilio yakawa yamekwisha. Wa kwanza ulikuwa umewashwa mara 22 na umebaki kisiki, wa pili mara 15, wa tatu mara 8, na wa nne mara moja tu. Ulisimama pale mrefu, utambi wake mweusi kidogo kwenye ncha. Wewe ulikuwa na miaka sita, kitinda mimba wakati ule, na kumlaza Mtoto ilikuwa kazi yako. Tangu tarehe 3 ulikuwa ukifungua droo ya meza yangu kuhakikisha bado yumo, amefungwa kwenye kitambaa changu cha mkononi.

Tukaenda misa ya usiku. Ulikesha vizuri hadi Injili ya Luka, pale malaika anapowatokea wachungaji, halafu ukaniangukia begani. Tulirudi nyumba imejaa wageni, shangazi zako wamelala hadi sebuleni. Nilikuwa nimechoka. Nikakulaza, nikafungua droo, nikamlaza Mtoto mwenyewe gizani, kwa pupa, hata kitambaa nikakisahau chini yake.

Asubuhi ulisimama mbele ya pango na hukulia. Heri ungelia. Ulisema tu, "Amekuja nikiwa nimelala." Mama yako akaninong'oneza nimtoe, turudie. Nikakataa. Nikasema hazaliwi mara mbili. Msimamo wangu, unaujua! Nilikuwa natetea liturujia, au nilikuwa naona aibu mbele ya dada zangu? Mpaka leo nikiona kitambaa cheupe kilichokunjwa nakumbuka shingo yako ilivyoinama.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema, na mama yako alisema, kwamba tungemlaza tangu tarehe 3 kama majirani, hakuna ambaye angeumia. Kweli. Lakini pia usingeifungua ile droo siku 22. Halafu nawaza, labda ungekuwa umelitazama pango lenyewe badala ya droo. Sijui. Yaani najua, ila nyumba ni yako na mume wako, na nilimwahidi mama yako kwamba sitawaamulia. Ubaya haupo. Nimeishia hapo, ingawa kalamu inataka kuendelea.

Mamajusi, hao nina neno nao na sitanyamaza. Wasifike pangoni pamoja na wachungaji. Waweke mbali, juu ya kabati au dirishani, watoto wawasogeze hatua kidogo kila siku hadi Tokeo la Bwana, tarehe 6 Januari. Wajukuu wenye haraka ya kushika sanamu watapata kazi ya kutosha, na huenda hori likapumzika.

Dada zangu wanauliza kama mna magodoro. Nimewaambia yapo, usiniumbue. Nitafika tarehe 23.

Na kama mtasubiri, basi mkirudi kutoka misa ya usiku yule mdogo mwamshe. Hata akinuna, mwamshe.

Baba yako