Kesi nane kwenye ruli, aplikesheni mstari mmoja

*Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili sheria hapa Arusha. Kwenye swali la sheria ya utawala, afisa afya alikagua bucha Moshi tarehe 2, akamuuliza mwenye bucha kwa nini friji haigandishi, tarehe 11 halmashauri ikamwandikia barua imefuta leseni. Nimepanga ishu, ruli, aplikesheni, hitimisho, na kesi nane nimeweka. Nimepata 9 kati ya 20, nimekosea wapi?*

Marahaba. Kesi nane ndizo zilizokuponza, maana zimekula muda wote, halafu aplikesheni ukaandika "hapa haki ya kusikilizwa imevunjwa" ukahamia hitimisho. Hiyo siyo aplikesheni, ni hitimisho limewahi kufika.

Ishu yako ilikuwa pana mno. Usiulize kama haki asili imevunjwa, uliza kama yale maswali ya afisa afya tarehe 2 yanatosha kuitwa kusikilizwa kabla leseni haijafutwa. Ruli sasa inakuwa fupi: Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, na Mbeya-Rukwa Autoparts dhidi ya Jestina Mwakyoma, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema haki asili kwetu siyo kanuni ya komoni loo tu bali ni haki ya kikatiba. Inatosha.

Kazi iko kwenye aplikesheni. Mwenye bucha aliulizwa habari za friji, hakuambiwa kwamba leseni iko hatarini, kwa hiyo hakujua anajitetea dhidi ya nini. Halafu isemee na halmashauri, watu wengi hapa wanaruka kabisa: itasema nyama mbovu ni hatari kwa walaji, hakukuwa na muda. Ndo maana mtunzi ameweka tarehe! Siku 9 zimepita, ingekuwa dharura wangefunga bucha tarehe 2 ileile, na siku 9 zinatosha kumpa barua ajieleze. Wakisema angesikilizwa friji ingebaki mbovu vilevile, wajibu kwa kesi ya Abbas Sherally dhidi ya Fazalboy, uamuzi unatenguliwa hata kama matokeo yangekuwa yaleyale.

Hitimisho: ana hoja nzuri ya kuomba sertiorari, yaani amri ya mahakama ya kutengua uamuzi huo, ila usiandike kwamba anarudishiwa leseni moja kwa moja, maana halmashauri inaweza kumwita, ikamsikiliza, ikafuta tena kihalali.

Kinachoniudhi kweli ni hizo "modo ansa" zinazouzwa kwenye stesheneri na magrupu ya WhatsApp. Zote zinaanza na "haki asili ina nguzo mbili", kusikilizwa na kutokuwa na upendeleo, basi mwanafunzi anaandika ukurasa mzima wa upendeleo wakati kwenye swali hakuna hata fakti moja ya upendeleo, na msahihishaji akiona hivyo anajua hujasoma swali. Wanaoziuza hawajui mtihani wako utakuwa na fakti gani, kwa hiyo sehemu ya aplikesheni hawawezi kukuandikia na ndiyo yenye maksi nyingi. Kabla hujakusanya karatasi pitia aplikesheni yako, ukikuta aya haina friji, barua, tarehe wala afisa afya, ifute uiandike upya.