Nywele za wiki ya sita baada ya kunyoa kipara

"Nilinyoa zote, sasa ni wiki ya sita. Zimekuwa laini, na kichwa kimekuwa kama mpira. Nifanyeje?"

Dada, nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo zako zina kama sentimita 1.5, na kwa kuwa zimelingana kila upande, kichwa huonekana duara. Usinyoe upya. Mwombe kinyozi (mimi huenda Kirumba, Mwanza) aache utosi kama ulivyo, apunguze pembeni na kisogoni kwa kichana cha mashine namba 2, yaani milimita 6, kisha aunganishe kwa namba 3 ili mstari usionekane. Mstari wa paji la uso asiusogeze nyuma hata kidogo, maana kosa hilo huonekana kwa wiki nyingi, nami niliwahi kulijutia.

Nyumbani, lowanisha utosi kidogo, paka krimu kiasi cha punje ya harage, kisha zungusha sponji yenye matundu kuelekea upande mmoja tu kwa dakika tano hivi, ili nywele zijikunje kuwa vijipindo. Ukibadilisha mwelekeo, vijipindo hufumuka. Visiposhika, nywele bado ni fupi. Ngoja wiki mbili. Vipele vikitokea kisogoni, usiruhusu wembe hapo hadi vipone.