Usifute Namba ya Mvua Kabla Hujapiga Simu

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Ameanzisha kikundi cha watu wanaojitolea kupima mvua na kutuma vipimo kwa meseji, kwa sababu eneo lao lina kituo kimoja tu cha hali ya hewa, nacho kiko mbali. Swali lake ni hili: mpimaji mmoja ametuma kipimo kikubwa mno kuliko wenzake, je, akifute?

Nilijibu papo hapo: usifute, piga simu. Nimeona heri nieleze kwa urefu, kwa sababu swali hili nimeliishi, na jibu nililopewa na wakubwa enzi hizo bado linanichoma.

Mimi ni mratibu wa mtandao wa aina hiyohiyo. Asubuhi moja ya msimu wa mvua kubwa, kituo chetu namba 17, kinachosomwa na mama mmoja, kilituma milimita 84.0. Jirani aliye kilomita 4 alituma 11.2. Mwingine wa kilomita 7 alituma 6.0. Kituo rasmi, kilomita 30 kutoka hapo, kiliandika 0.0. Kwenye kikao cha kupitia takwimu, mtaalamu wa ofisi moja aliitazama ile 84.0, akasema mama yule amekosea nukta, alitaka kuandika 8.4, akaifuta. Hakuna aliyemuuliza mama mwenyewe. Nilimpigia mimi baada ya kikao.

Swali nililomuuliza halikuwa "una uhakika?" Swali hilo halina faida, kwa sababu kila mtu ana uhakika. Nilimuuliza, "Mama, mrija mdogo uliujaza mara ngapi?" Kipimio chetu kina mdomo wa kipenyo cha sentimita 10 hivi. Ndani yake kuna mrija mwembamba ambao eneo lake ni moja ya kumi ya eneo la mdomo, kwa hiyo milimita 1 ya mvua husimama kwa kimo cha milimita 10 na husomeka vizuri. Mrija huo hujaa kwenye milimita 25. Mvua ikizidi hapo, maji humwagikia kwenye chombo cha nje, na mpimaji huyarudisha mrijani kidogokidogo akijumlisha. Mama alinijibu bila kusita kwamba mrija ulijaa mara tatu, na mara ya nne ukafika 9. Mara 3 kwa 25 ni 75, ongeza 9, ni 84. Aliyeona 8.4 hawezi kutoa jibu hilo, kwa sababu kwake mrija haukujaa hata mara moja.

Akaniambia pia kwamba mvua ilianza kama saa 10 jioni ikakatika kabla ya saa 12. Jirani wa kilomita 4 alikuwa ameona wingu jeusi na radi upande huohuo. Picha za setilaiti za kila nusu saa zilionyesha wingu refu lenye kilele baridi juu ya eneo hilo saa hizohizo. Namba ilikuwa sahihi.

Haipaswi kumshangaza mtu anayejua mvua za radi. Wingu moja la radi laweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, na kiini chake kinachomwaga maji mengi ni chembamba zaidi. Tarehe 28 Julai 1997, mji wa Fort Collins, jimbo la Colorado nchini Marekani, upande wake wa kusini magharibi ulipata zaidi ya milimita 250 kwa saa chache. Upande wa mashariki wa mji huohuo haukufika 50. Watu watano walikufa kwa mafuriko. Mwaka uliofuata, 1998, ndipo ulipozaliwa hapo mtandao wa wapimaji wa kujitolea uitwao CoCoRaHS, baada ya kudhihirika kwamba vituo vilivyokuwepo vilikuwa vichache mno kuonyesha mvua ile ilianguka wapi. Sasa niambie, kama tofauti hiyo hutokea ndani ya mji mmoja, kituo kilicho kilomita 30 kinapata wapi mamlaka ya kumkanusha mama wa kituo namba 17?

Na setilaiti vilevile haiwezi kumkanusha peke yake. Takwimu za mvua za IMERG, zinazotokana na setilaiti, hutoa namba moja kwa kila mraba wa takriban kilomita 11 kwa 11, na CHIRPS kwa mraba wa takriban kilomita 5 na nusu. Hiyo ni wastani wa mraba mzima. Mraba ukisema 20 na mdomo wa sentimita 10 ukasema 84, zote mbili zaweza kuwa kweli. Setilaiti itumie kuuliza swali dogo zaidi: je, siku ile kulikuwa na wingu la mvua hapo au anga lilikuwa jeupe? Hata hapo uwe mwangalifu milimani, kwa sababu mawingu mafupi yenye joto humwaga mvua ambayo setilaiti mara nyingi huikosa. Huko mpimaji mwenye simu ndiye anayeirekebisha setilaiti.

Basi kipimo kinachopiga kelele kisikutie hofu. Kila mtu ameshakiona, na swali moja kwa simu hukimaliza. Mimi nimejifunza kuogopa namba zilizokaa kimya, zinazofanana na za majirani na kupita kila kizingiti. Chukua mfano huu wa siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi. Jirani wa kwanza alituma 3.0, 2.4, 1.8 na 11.6. Wa pili akatuma 2.2, 4.0, 0.8 na 13.0. Mpimaji wetu alituma 0, 0, 0 na 19.4.

Ukikagua siku moja moja, hakuna cha kukushtua. Sifuri ikiwa karibu na 2 hupita, na 19.4 karibu na 13.0 hupita pia. Lakini jumlisha siku zote nne: jirani wa kwanza 18.8, wa pili 20.0, wetu 19.4. Jumla inakubaliana vizuri mno na siku hazikubaliani hata moja. Hapo ujue maji ya siku nne yamepimwa siku moja. Nilipofungua saa za kupokelewa kwa meseji, zile sifuri tatu zilikuwa zimeingia pamoja na kipimo cha Alhamisi, dakika ileile. Kijana alikuwa safarini. Aliporudi aliyapima maji yote kwa uaminifu, kisha akajaza sifuri kwenye siku ambazo hakuwepo, akidhani nafasi tupu ni uvivu.

Madhara yake si madogo. Anayehesabu siku za mvua amepoteza tatu. Anayetafuta siku ya mvua kubwa amepewa moja ya uongo. Kwa hiyo kikundi chako kifundishe jambo hili kabla ya lingine lolote: sifuri maana yake nimekwenda, nimetazama, hakuna maji. Kama hukwenda, sema hukwenda. Sisi tunatumia muundo huu wa meseji, namba ya kituo, tarehe, kisha kipimo:

```
17 14 84.0
17 15 0
17 16 X
17 17 T
17 20 J3 22.6
```

`X` ni sikupima. `T` ni matone yaliyolowesha lakini hayapimiki. `J3` ni jumla ya siku tatu, na haigawanywi kwa siku bali huhifadhiwa kama jumla. Mtu akiandika mkato badala ya nukta, mashine yetu haikisii, humrudishia meseji na kumwomba aandike upya, maana 23,4 ikisomwa vibaya hugeuka 234.

Kosa jingine la kimya ni tarehe. Uingereza na Australia hupima saa 3 asubuhi, CoCoRaHS saa 1 asubuhi. Popote ulipo, maji ya asubuhi ya tarehe 14 kwa sehemu kubwa yalianguka tarehe 13. Baadhi ya wapimaji watayaandika tarehe 13 na baadhi 14, na kila mmoja ataona yuko sawa. Chagua kanuni moja, uiandike kwenye kipimio chenyewe. Kumtambua aliyeteleza ni rahisi: sogeza orodha yake siku moja nyuma, kisha siku moja mbele, uone ni wapi inapofanana zaidi na majirani. Ikifanana zaidi ikisogezwa, na ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi, tatizo ni kalenda.

Lipo na la chupa ya kupimia. Chupa hutengenezwa kwa ajili ya mdomo wa ukubwa fulani. Mtu akivunja yake akaazima iliyotengenezwa kwa mdomo wa kipenyo cha milimita 127, ilhali kipimio chake ni cha milimita 203, kila kipimo chake kitakuwa kikubwa kwa mara 2.5 hivi. Hapo siku moja haikuambii kitu. Chora jumla yake inayokua kwa kuilinganisha na wastani wa jumla za majirani. Mstari ukienda sawasawa kwa miezi kisha ukapinda ghafla na kushika mwelekeo mpya, kuna kitu kimebadilika kwenye kituo: chupa, mti uliokua, ukuta mpya. Kipimio kiwe mbali na kizuizi angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Mwombe mpimaji apige picha ya mahali kilipo, akitazama pande zote nne. Simu anayo mkononi.

Nasisitiza tena, kwa sababu nimeona kazi za watu zikitupwa. Kila kipimo kihifadhiwe kama kilivyotumwa. Usikiguse. Pembeni yake weka alama: hakijakaguliwa, kizuri, kinatiliwa shaka, kibovu. Ukisahihisha, masahihisho yakae safu nyingine, pamoja na sababu na jina la aliyesahihisha. Ile 84.0 ya mama ingepotea milele kama meseji yenyewe isingekuwa imebaki kwenye simu yangu. Kabla ya kuweka alama ya kibovu, piga simu. Na wote waambie kwamba mvua ikizidi milimita 50 wapime mara mbili na wapige picha kabla ya kumwaga maji.

Jambo moja mtandao huu hautakupa ni kasi ya mvua. Kipimio cha kusomwa mara moja kwa siku hakijui kama zile 84 zilianguka kwa saa mbili au usiku kucha, na kwa mafuriko hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Kwa hiyo siku za mvua kubwa tunaomba pia saa ya kuanza na ya kukatika, hata kama ni za kukadiria. Na mpimaji akihama nyumba, hata kama amehamia mtaa wa pili na kipimio kilekile, kipe kituo namba mpya na uandike tarehe ya kuhama.