Azimio la kazi la mikondo miwili: hesabu vipindi, wiki zitajipanga zenyewe

Walimu wengi tunajaza azimio la kazi kwa wiki. Tunachukua mada za muhula, tunachukua wiki za kalenda ya mihula, tunagawanya, kisha wiki ya mwisho tunaandika "marudio na mtihani". Karatasi inapendeza na mwalimu wa taaluma anasaini. Kufika Mei, mkondo mmoja umeshamaliza mada na mwingine bado uko nyuma kwa wiki nzima, wakati mwalimu ni yule yule na mtihani ni mmoja. Watu husema darasa lile ni zito. Mara nyingi uzito hauko darasani, uko kwenye ratiba.

Nafundisha Hisabati darasa la tano, mikondo A na B, katika shule ya msingi iliyo jirani na mwalo hapa Ilemela, Mwanza. Kila mkondo una vipindi vitano kwa wiki. A wana viwili Jumatatu, kimoja Jumatano na viwili Ijumaa. B wana viwili Jumanne, kimoja Jumatano na viwili Alhamisi. Ukiiangalia ratiba hiyo ukutani utaona haki imetendeka. Sasa iweke juu ya kalenda ya mwaka 2026, kuanzia Jumatatu ya tarehe 9 Machi hadi Ijumaa ya tarehe 8 Mei. Ni wiki tisa, yaani vipindi 45 kwa kila mkondo. Nimechukulia kwamba wanafunzi wako shuleni muda wote huo. Kama kalenda yako ina likizo fupi humo ndani, kata wiki hizo kwanza ndipo uendelee.

Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, na Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6. Hapo A wamepoteza vipindi vinne, B hawajaguswa. Kesho yake, Jumanne tarehe 7, ni Siku ya Karume, na hapo ndipo B wanapoteza viwili vyao. Muungano, tarehe 26 Aprili, ni Jumapili, haumgusi mtu. Mei Mosi ni Ijumaa, A tena. Imebaki Idd el-Fitr, ambayo inategemea kuandama kwa mwezi. Ikiwa Ijumaa tarehe 20 Machi, A wanapoteza viwili vingine. Ikiwa Jumamosi tarehe 21, hakuna anayepoteza. Mimi huihesabu Ijumaa kama sikukuu na kuiandika kwa penseli. Kipindi kilichorudi ni rahisi kukitumia, kilichopotea ghafla kinavuruga wiki mbili mbele.

Jumlisha: A wamebaki na vipindi 37, B wana 43. Tofauti ni vipindi sita, zaidi ya wiki nzima ya kazi, na hakuna aliyezembea.

Baada ya sikukuu toa mitihani. Tuseme mtihani wa nusu muhula unafanyika Jumatano hadi Ijumaa, tarehe 22 hadi 24 Aprili. Kila mkondo unapoteza vipindi vitatu. Lakini usiishie hapo, kwa sababu mtihani una mkia: kurudisha karatasi na kufanya masahihisho. Walimu wengi hawaupangii mkia huo muda wowote, wanautoa juu juu katika dakika kumi za mwanzo wa kipindi kingine, na mtoto anabaki na alama nyekundu asizojua zinamwambia nini. Kwa Hisabati ninautengea vipindi viwili vinavyofuatana. Na marudio ninayatengea vitatu. Kwa hiyo vipindi vya kufundisha mambo mapya ni 29 kwa A na 35 kwa B.

Azimio ninaliandika kwa 29. Liandike kwa mkondo maskini, hata kama mkuu wa shule atakuuliza mbona unakwenda polepole. Ukiandika kwa wastani, yaani 32, A watakosa vitatu na utavitafuta Jumamosi au saa za jioni. Fidia ya Jumamosi inasaidia mara moja moja, ila shule zetu za kando ya ziwa zinajua nani huja Jumamosi: wanaokaa karibu na wasio na kazi nyumbani. Ukifundisha mada mpya siku hiyo, Jumatatu unaifundisha tena.

Mada zenyewe katika kipande hiki ni sehemu, desimali na asilimia. Hapa sigawanyi sawasawa. Kwanza naandika kila wiki ya A ina vipindi vingapi vilivyobaki, halafu natafuta mada ndogo inayoingia bila kukatwa katikati. Wiki tatu za mwanzo zina vitano, vitatu na vitano, jumla 13, na sehemu zinakaa humo zote kabla ya Pasaka. Wiki ya kwanza ni sehemu zinazolingana na kurahisisha. Wiki ya Idd, yenye vipindi vitatu, ni kujumlisha na kutoa sehemu zenye asili moja. Jumatatu ya tarehe 23 Machi, kwenye vipindi viwili vinavyofuatana, ndipo naingia kwenye asili tofauti na KDS.

Hatua hiyo ya asili tofauti ndiyo inayoamua mpangilio wote. Mtoto anatakiwa kutafuta KDS, kubadili sehemu zote mbili, kujumlisha, kisha kurahisisha. Ukimfundisha nusu Alhamisi halafu akae siku tano bila kuigusa, anarudi akijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili: nusu kujumlisha theluthi anaandika 2/5. Ukiiona 2/5 hiyo kwenye madaftari mengi siku ya kwanza baada ya sikukuu, ujue pengo limeangukia katikati ya hatua. Hatua ya namna hiyo nataka iwe na siku za kutosha mbele yake bila kukatizwa. Wiki ya tarehe 23 Machi inayo.

Kuna jambo jingine ambalo kalenda ya mihula haina, ila mwalimu wa mwaloni analijua: giza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na uvuvi hukolea mwezi usipokuwepo. Usiku wa mbalamwezi wengi hupumzika. Wakati wa giza mahudhurio ya asubuhi hupungua, kwa sababu kuna dagaa wa kuanika na baadhi ya watoto husaidia wazazi kabla ya kuja shule, wengine hawaji kabisa. Kitabu cha mahudhurio cha mwaka jana kinaonyesha jambo hili waziwazi ukikiweka sambamba na mwezi. Mwezi mchanga wa Machi 2026 ni tarehe 19, na wa Aprili ni tarehe 17. Kwa hiyo wiki ya tarehe 16 Machi na ile ya tarehe 13 Aprili sianzi hatua ngumu. Ndiyo maana asili moja imekaa wiki ya Idd: aliyekosa siku mbili anaweza kuipata kwa kumwangalia jirani.

Desimali zinachukua vipindi kumi. Vitatu ni wiki ya tarehe 30 Machi, kabla ya Ijumaa Kuu, na hivyo ni vya thamani ya nafasi tu, kitu kinachosimama chenyewe. Jumatano ya tarehe 8 Aprili, siku ya kwanza A wanaporudi, ni marudio ya kipindi kimoja: maswali manne ya sehemu, mawili ya thamani ya nafasi. Ijumaa tunaanza kujumlisha desimali, na wiki ya giza inayofuata ni mazoezi ya kujumlisha na kutoa, vipindi vitano. Jumatatu ya tarehe 20 Aprili ni vipindi viwili vya marudio, kisha mtihani.

Utaona marudio hayakurundikwa mwishoni. Marudio ya wiki nzima mwisho wa muhula huliwa na kila kitu: kikao cha walimu, mazoezi ya UMITASHUMTA, ugeni. Kipindi kimoja kimoja kilichowekwa mara tu baada ya pengo hakiliwi kirahisi, na kinakuambia mapema nani amesahau.

Jumatatu ya tarehe 27 Aprili ni karatasi na masahihisho. Asilimia inaanza Jumatano na kuendelea wiki ya tarehe 4 Mei, jumla vipindi sita. Ni vichache. Asilimia ya kununua na kuuza inabaki kwa wiki zinazofuata, na ninaandika hivyo kwenye azimio tangu mwanzo badala ya kuibana.

Na B je? Vipindi vyao sita vya ziada haviko pamoja. Viwili viko wiki ya tarehe 16 Machi, viwili wiki ya tarehe 30 Machi, na viwili wiki ya tarehe 27 Aprili. Kishawishi ni kusonga mbele nao. Ukisonga, mtihani wa nusu muhula utakuwa mgumu kuutunga, kwani swali lolote la mbele litawaonea A. Mimi huwapa B mafumbo ya maneno: mvuvi aligawa robo ya dagaa kwa mwenye mtumbwi na theluthi kwa mwenye injini, amebakiwa na sehemu gani? A nao wanapata mafumbo hayo, ila kama kazi ya nyumbani na machache zaidi. Idd ikiangukia Jumamosi, A wanarudishiwa viwili vya Ijumaa, navyo vinakwenda huko huko kwenye mafumbo, azimio halibadiliki.

Hesabu zote hizi hazihitaji kuonekana kwenye azimio lenyewe. Naziweka kwenye karatasi moja nyuma ya daftari la maandalio: safu ya wiki, safu ya A, safu ya B, safu ya sababu. Kwenye azimio, safu ya idadi ya vipindi inabeba namba ya mkondo maskini, na safu ya maoni naijaza Ijumaa ile ile kwa jambo lililotokea: "Vipindi 3 kati ya 3 vimefundishwa, wanafunzi 11 hawakuhudhuria Jumatatu, asili moja irudiwe Jumatano." Mthibiti ubora akija anasoma hapo. "Mada imeeleweka" haimsaidii yeye wala mwalimu atakayepokea darasa ukihamishwa.

Anayefundisha darasa la saba apunguze zaidi. Mtihani wao wa taifa huwa Septemba na mbele yake kuna ule wa utamilifu, kwa hiyo muhula wa pili hana nafasi ya kusogeza kitu. Mada zinazobaki Juni zihesabiwe kwa vipindi vya Julai pekee, na Sabasaba ya 2026 ni Jumanne.