Kijitabu na karatasi ya nyongeza zikipingana

"Kijitabu cha bima ya gari kinasema wizi unalipwa. Karatasi ya nyongeza inasema mpaka uwe na traka ya kufuatilia gari. Nifuate ipi?"

Ya nyongeza. Kijitabu huchapwa kwa wateja wote; jedwali lenye namba ya gari lako na nyongeza zake zimeandikwa kwa ajili yako, na maneno mahususi huyashinda ya jumla. Niliwahi kushughulikia madai ya bima hapa Kampala, na kwa kawaida tulianzia mwisho wa faili, kwenye nyongeza. Ila angalia tarehe ya kuanza: ikiwa ni 1 Juni na gari liliibwa 28 Mei, sharti la traka halikuwa limeanza. Pia nyongeza inabadilisha kile inachokitaja tu. Ajali na moto vinabaki kama kijitabu kinavyosema.

> Basi kampuni inaweza kubadilisha chochote wakati wowote? Mimi yangu ililetwa katikati ya mwaka, sikusaini.

Hapana, ndugu. Mkataba haubadilishwi na upande mmoja. Lakini kama ulipunguziwa ada ya bima kwa sababu ya nyongeza hiyo ukanyamaza, hapo pana ubishi. Malalamiko yapeleke IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima.

> Mimi nina bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine tu, wizi hawalipi kabisa, traka au bila traka.